Tarehe Bila Saa: Barua ya Mganga Mfawidhi kwa Watumishi wa Kliniki

Siku ya kliniki ya sukari na presha huanza na rundo la kadi. Anayefika wa kwanza, pengine saa kumi na moja na nusu alfajiri, anaiweka kadi yake kwenye meza tupu iliyo mlangoni. Wa pili anaiweka yake juu ya ile ya kwanza, wa tatu juu ya ile ya pili, na jua linapochomoza rundo limeshakuwa na kimo cha kikombe. Saa mbili muuguzi anakuja, analibeba rundo lote, na asipokumbuka kulipindua anaanza kuita kwa kadi ya juu kabisa, yaani ya mtu aliyefika dakika tano zilizopita. Aliyeamka saa tisa usiku anaitwa wa mwisho.

Nimekuwa muuguzi wa kliniki za namna hiyo kwa miaka mingi. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa mpole kuliko wote pale kwenye benchi. Siku moja rundo halikupinduliwa, akaingia kwa tabibu saa nane na nusu mchana, tumbo tupu. Alipokuwa akitoka alisimama mbele yangu akasema, "Mwanangu, mwezi ujao msinitegemee." Nilidhani ni hasira za njaa. Hakuja mwezi uliofuata, wala uliofuata huo. Alirudi baada ya miezi mitatu, ameshikwa mkono na mjukuu wake, presha ikisomeka 200 kwa 110. Katika kumbukumbu zetu tulikuwa tumemwandika neno moja tu: mtoro.

Neno hilo limenisumbua tangu siku ile. Mtoro ni mtu aliyekimbia, na ukishamwita hivyo huna haja tena ya kujiuliza alikimbia nini. Ndiyo maana nilifurahi miaka kadhaa baadaye mganga mfawidhi mmoja aliponiomba nimsaidie kuandika barua kwa watumishi wake. Alitaka kubadilisha namna ya kupanga siku za kurudi kliniki ili wagonjwa wasipotee. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na mistari minne. Ilisema wagonjwa wengi hawaji siku zao, hivyo kila mtumishi awasisitize umuhimu wa kuja. Tukaiweka kando tukaanza upya.

Nitaieleza barua ile tuliyoiandika, kwa sababu mambo yaliyomo yanamhusu kila mwenye kadi ya kliniki nyumbani kwake. Hesabu nitakazotoa ni za mfano. Nimezipanga ziwe rahisi kufuatwa. Utaratibu wenyewe ni ule unaoweza kutumika katika kituo chochote cha afya chenye tabibu wawili, wauguzi wachache na simu moja.

Barua ilianza kama barua za serikali zinavyoanza: YAH: UTARATIBU MPYA WA MIADI YA KLINIKI YA SUKARI NA PRESHA. Lakini aya ya kwanza ilikuwa hesabu.

"Jumanne iliyopita tulikuwa tumewapangia watu 64. Daftari la mahudhurio linaonyesha tuliwahudumia watu 59. Wengi wetu tuliona siku imekwenda vizuri. Nimeyafuata majina moja moja. Kati ya hao 59, watu 12 hawakuwa wa siku ile: wengine dawa ziliwaishia mapema, wengine walikosa wiki iliyotangulia, wengine ni wapya. Waliokuwa na miadi na wakaja ni 47. Watu 17 hawakuja, na hakuna kitabu chochote humu ndani chenye majina yao."

Mganga mfawidhi aliisoma aya hiyo mara mbili kabla ya kusema kitu. Watu 17 kati ya 64 ni karibu 27 katika kila 100, yaani zaidi ya robo. Nao wanafichwa na wale 12. Benchi likijaa, macho yanaridhika. Vitabu vya kituo, pamoja na vile vya MTUHA vinavyotumika Tanzania kukusanya taarifa za huduma za afya, vinaandika mtu anapofika. Asiyefika haandikwi, na asiyeandikwa hatafutwi na mtu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza barua ilichoagiza ni daftari, la kawaida tu la kununua dukani. Tofauti yake na vitabu vingine ni kwamba limepangwa kwa tarehe zijazo. Kila siku ya kliniki ina ukurasa wake, na majina yanaandikwa humo siku mgonjwa anapopewa miadi, wiki nne au kumi na mbili kabla. Namba ya faili, jina, saa, simu, kisha nafasi ya kuweka alama akifika. Jioni muuguzi wa zamu anapiga mstari mwekundu chini ya ukurasa na kuandika idadi mbili: waliopangwa na waliofika kati ya hao. Majina yasiyo na alama ndiyo kazi ya kesho asubuhi.

Daftari hilo lina faida nyingine ambayo watu wa masijala waliiona kabla yetu. Siku moja kabla ya kliniki mtu wa masijala anafungua ukurasa wa kesho na kuyatoa mafaili yote mapema, akiyapanga kwa saa. Zamani faili lilitafutwa mgonjwa akiwa amesimama dirishani, na lisipoonekana alifunguliwa jipya, historia yake yote ikabaki kwenye kabati.

*

Sehemu iliyoleta ubishi mkubwa ilikuwa ile ya saa. Miadi ni neno la barua na la mabango. Kwenye benchi hakuna anayesema miadi; watu husema "tarehe yangu ni Jumanne." Wanasema kweli, maana walichopewa ni tarehe na hakuna zaidi. Wote 64 wamepewa asubuhi moja, na kila mmoja anajua kwamba akichelewa atakaa hadi alasiri. Hivyo wote wanafika alfajiri, na kituo kinakuwa kimejaa kabla hata hakijafunguliwa. Mama lishe aliyefunga kibanda chake, kibarua wa shambani na dereva wa bodaboda wanapoteza siku nzima kwa ajili ya dakika kumi za kuonana na tabibu. Mtu anapopima kati ya siku nzima ya riziki na dawa ya ugonjwa usiomuuma, sishangai akichagua riziki. Presha haiumi. Sukari iliyopanda kidogo haiumi.

Barua iligawa siku hivi:

"Tabibu mmoja anamwona mgonjwa kwa wastani wa dakika 10, yaani watu 6 kwa saa. Tukiwa na tabibu wawili tuna nafasi 12 kila saa. Tutapanga watu 10 tu. Nafasi 2 zibaki wazi kwa wanaokuja bila miadi, kwa wenye hali mbaya na kwa wanaohitaji muda mrefu. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana ni saa 6, hivyo kila Jumanne itabeba watu 60 wa miadi. Ukurasa ukijaa, mtu anayefuata apangwe Jumanne nyingine. Tusibanane kwa huruma."

Sentensi ya mwisho ilizua maswali, nayo ndiyo iliyobeba kazi nzima. Muuguzi mwenye roho nzuri akiona ukurasa umejaa huongeza jina la 61, la 62, mpaka la 70. Kila jina analoongeza linasogeza saa ya watu wote walio chini yake. Ikifika mchana, aliyeambiwa saa 6 anaingia saa 8, na hatakuja tena saa aliyopewa. Zile nafasi 2 zilizoachwa wazi kila saa zinaonekana kama uvivu kwa mtu anayepita nje, lakini ndizo zinazobeba wale 12 wasiotarajiwa. Ukizijaza mapema, mtu mmoja tu mwenye kidonda cha mguu cha kusafishwa anatosha kuiangusha siku yote.

Kisha ni nani apewe saa ipi? Hapa ndipo kliniki ya sukari inapotofautiana na nyingine. Mgonjwa anayetakiwa kupimwa sukari kabla ya kula hawezi kupangiwa saa 6. Atakaa na njaa tangu usiku, na kama anatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuzirai kwenye benchi huku sisi tukimwona amesinzia. Barua ikaagiza waziwazi: wa kupimwa kabla ya kula wapewe saa 2 na saa 3 pekee, wakishatolewa damu wapate chai, na dawa zao za asubuhi watumie kama tabibu alivyowaelekeza kwenye kadi. Wenye presha tupu wapewe kuanzia saa 4, wakiwa wamekula na wamemeza dawa zao. Wengi hawamezi dawa asubuhi ya kliniki wakidhani watapimwa vizuri zaidi bila dawa, kumbe tabibu anataka kujua kama dawa inafanya kazi. Anayetoka kijiji chenye basi moja kwa siku apewe saa inayofuatana na basi lake. Hilo muuguzi hawezi kulijua bila kuuliza, ndiyo maana barua ilisema saa isiandikwe kwenye kadi kabla ya mgonjwa mwenyewe kukubali.

Mlinzi wa getini naye alitajwa kwa cheo chake. Alfajiri, ofisi zikiwa bado zimefungwa, yeye ndiye kituo. Aliambiwa aliondoe lile rundo la kadi na asilirudishe. Mtu akifika saa 1 na kadi yake imeandikwa saa 4, akaribishwe, akae, apimwe uzito na presha wauguzi wakipata nafasi, lakini asiingie kwa tabibu kabla ya mwenye saa 2 na mwenye saa 3. Mfamasia wetu aliliona hili kuwa ukatili: mtu yupo, kwa nini asihudumiwe? Mganga mfawidhi alimjibu kwa upole kwamba siku aliyewahi atakapoanza kupewa nafasi ya mwenye saa yake, wiki ijayo wote watawahi, na rundo litarudi mezani. Nakubaliana naye. Saa iliyoandikwa kwenye kadi inaaminika kwa sababu moja tu, kwamba jirani yako alipewa saa 4, akafika saa 4 kasorobo, na saa 5 alikuwa njiani kurudi nyumbani.

*

Kuna kosa dogo la kuhesabu siku ambalo limewaacha watu wengi bila dawa, nalo barua ililipa aya nzima. Tuchukue mgonjwa aliyekuja Jumanne tarehe 16 Juni. Amepewa vidonge 30, kimoja kwa siku, na ameambiwa "mwezi ujao tarehe kama ya leo." Vidonge vyake vinaishia tarehe 15 Julai. Tarehe 16 Julai inaangukia Alhamisi, na Alhamisi hakuna kliniki. Anasubiri Jumanne ya tarehe 21. Kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu, siku tano, hana kidonge, na tukimpima Jumanne tutasema dawa haimfai na kumwongezea nyingine.

Barua ikaondoa neno "mwezi" kwenye kupanga tarehe. Miadi ihesabiwe kwa wiki: wiki 4 ni siku 28, na siku 28 kutoka Jumanne yoyote ni Jumanne. Mgonjwa wetu atarudi tarehe 14 Julai akiwa bado na vidonge viwili mkononi. Akichelewa siku moja kwa msiba au kwa mvua, hajakatisha dawa. Aliyetulia, ambaye presha au sukari yake imekuwa sawa kwa muda na hana tatizo jipya, apewe vidonge 90 na arudi baada ya wiki 12, yaani siku 84, akibaki na vidonge sita. Huyo atakuja mara nne au tano kwa mwaka badala ya mara 13. Nafasi alizoziacha zinapata mwenyewe, na yeye ana siku chache za kukosa. Jambo hili linategemea dawa kuwepo stoo, na mfamasia alipewa idhini ya kusema hapana pale akiba isipotosha. Ni heri mgonjwa apewe za wiki 4 kwa uhakika kuliko kuahidiwa za wiki 12 akapata nusu.

Tarehe yenyewe isomwe na mgonjwa kabla haijaandikwa. Ikiangukia Idi, siku ya mnada wa wilaya au wiki ya kwanza ya mvua za kupandia, mgonjwa atalisema ukimpa nafasi ya kusema. Ukimwandikia tu atapokea kadi kwa heshima, atashukuru, na hatakuja.

*

Ujumbe wa simu ulichukua sehemu ndogo ya barua, ingawa watumishi wengi walidhani ndio utaratibu wenyewe. Siku tatu kabla, yaani Jumamosi, mtu wa mapokezi anatuma ujumbe huu kwa kila jina la Jumanne:

"Habari. Tunakukumbusha kufika kwetu Jumanne tarehe 14, saa 4 asubuhi. Utaweza? Jibu NDIYO au HAPANA. Ukihitaji kuzungumza nasi piga namba hii."

Unaingia katika ujumbe mmoja wa herufi 160. Ugonjwa haukutajwa, wala dawa, wala jina la kliniki, kwa sababu simu nyingi zinatumika na nyumba nzima na ujumbe unaweza kusomwa na mtoto wa darasa la tatu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile nyeti kabisa. Hata bila sheria, ni siri ya mtu. Kwenye kadi ya kituo paliongezwa mstari: simu ni ya nani, na je, tunaruhusiwa kuipiga?

Halafu kuna mtego ambao mtu asiyeishi kwa Kiswahili hawezi kuuona. Programu nyingi za kutuma ujumbe huandika saa kwa namna ya kompyuta: 10:00. Mama aliyezoea saa zetu anasoma saa kumi, naye anafika saa kumi jioni, mlango umefungwa. Akiandikiwa 08:00 anakuja saa nane mchana. Nimemwona mtu aliyekuja hivyo, ameshika simu yake mkononi kama ushahidi, na ushahidi ulikuwa upande wake. Barua ikaagiza saa iandikwe tunavyoitamka, na neno asubuhi au mchana lisiachwe kamwe.

Kuhusu nguvu ya ujumbe huo, upo utafiti mmoja ambao kila msemaji wa Kiswahili anaweza kujivunia. Ulifanyika Kenya kwa watu 538 wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, na ukachapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la Lanseti. Kila wiki muuguzi aliwatumia nusu yao neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya siku mbili, "Sawa" au "Shida." Aliyejibu shida alipigiwa simu, na aliyenyamaza alipigiwa pia. Waliotumiwa neno hilo walimeza dawa zao vizuri zaidi, na virusi vikadhibitiwa kwa wengi wao kuliko katika kundi lisilotumiwa. Utafiti ule ulipima umezaji wa dawa na virusi mwilini, haukupima foleni za kliniki, kwa hiyo sitaunyoosha kupita pale unapofika. Lakini ona umbo lake: ujumbe uliuliza swali, na upande wa pili alikuwepo mtu wa kupokea jibu. Ujumbe unaotumwa na mashine kisha simu ikazimwa ni tangazo.

*

Asubuhi inayofuata kliniki, kabla ya saa 5, muuguzi aliyepangwa anachukua daftari na kupiga simu kwa kila jina lisilo na alama. Barua ilimpa maneno ya kuanzia, kwa kuwa simu mbaya ni mbaya kuliko kutopiga. Tuliyaandika baada ya kusikilizana sisi kwa sisi tukiigiza, na haya ndiyo yaliyobaki:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Samahani, naongea na mama mwenyewe?" Akishataja jina lake, na yakilingana na yaliyo kwenye kadi: "Napiga kutoka kituoni, mama. Jana tulikutarajia, hatukukuona, nikasema nikujulie hali. Unaendeleaje?"

Kisha muuguzi ananyamaza na kusikiliza. Akipokea mtu mwingine, anasema atapiga tena, bila kueleza anapiga kutoka wapi. Swali "kwa nini hukuja?" lilikatwa kabisa. Mtu mzima akiulizwa hivyo na binti wa umri wa mjukuu wake anajibu uongo wa heshima: niliumwa. Akijuliwa hali anasema lililopo. Nauli haikupatikana. Tulikuwa na msiba. Dawa ninazo bado. Nimepata nafuu, nikadhani nimepona. Wakati mwingine sauti nyingine inasema mwenye simu amelazwa, au tumemzika wiki iliyopita, na muuguzi anatoa pole na kulitoa jina kwenye daftari ili ujumbe wa kukumbusha usije ukatumwa kwenye simu ya wafiwa.

Kila sababu inaandikwa kwa neno moja pembeni ya jina. Mwisho wa mwezi zinahesabiwa. Wengi wakisema nauli, hakuna ujumbe utakaowaleta, na kituo kifikirie wiki 12 au dawa kupelekwa zahanati ya jirani. Wengi wakisema wamepona, tatizo liko chumbani kwa tabibu, katika maelezo wanayopewa. Asiyepatikana kwenye simu kwa siku tatu jina lake linapelekwa kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ikiwa mgonjwa aliruhusu kutembelewa. Aliyekosa apewe nafasi wiki hiyohiyo, katika zile zilizoachwa wazi. Asikalishwe mwisho wa foleni kama adhabu. Kituo nilichowahi kukifanyia kazi kilikuwa na adhabu hiyo, na matokeo yake aliyekosa mara moja aliona aibu kurudi, akapotea jumla.

Aya iliyonigusa kuliko zote mganga mfawidhi aliiandika peke yake usiku, sikuwepo.

"Mwaka jana tulifunga kliniki Jumanne tatu: mara mbili kwa semina, mara moja kwa ukaguzi. Wagonjwa walifika, walikaa, wakaambiwa warudi. Siku zile sisi ndio tulikosa miadi. Kuanzia sasa, tukijua kliniki haitakuwepo, wote walio kwenye ukurasa wa siku hiyo wapigiwe simu kabla, na wapewe siku nyingine kabla vidonge vyao havijaisha. Tukishindwa kuwapigia, mimi nitakuwepo getini asubuhi hiyo kuwaomba radhi."

Barua haikuahidi mabadiliko ya wiki moja. Kadi zilizokwisha kutolewa zilikuwa na tarehe bila saa, na wiki nne za kwanza watu wa zamani na wapya wanachanganyika kwenye benchi moja. Kwa wenye miadi ya wiki 12 ni miezi karibu mitatu kabla wote hawajashika kadi mpya. Kipindi hicho watumishi huchoka wakasema utaratibu umeshindwa. Kwa hiyo barua ilitaja vipimo viwili vya kubandikwa ukutani kila Jumatano. Cha kwanza ni waliokosa kati ya waliopangwa. Cha pili ni muda wa kusubiri: muuguzi anaandika kwenye kadi kumi saa mtu aliyopangiwa na saa aliyoingia kwa tabibu. Kipimo cha kwanza kikishuka na cha pili kikabaki palepale, simu zinafanya kazi lakini saa bado ni za uongo, na baada ya muda watu wataacha kuitikia simu pia. Na dirisha la dawa likiwa tupu wiki mbili mfululizo, vipimo vyote viwili vitaharibika, wala daftari halina dawa ya hilo.

Mwisho wa barua palikuwa na majina ya vyeo na kazi ya kila mmoja: masijala, mapokezi, mlinzi, muuguzi wa zamu, tabibu, mfamasia. Kila aliyesoma aliweka sahihi. Mlinzi alisomewa, akaomba nakala yake, akaibandika ndani ya kibanda cha getini.

Wewe mwenye kadi ya kliniki, au mwenye kadi ya mama yako kwenye droo, itoe uitazame. Kama imeandikwa tarehe peke yake, siku ya kurudi usiondoke mezani kabla hujamuuliza muuguzi saa ngapi, na kabla hujahesabu naye kama vidonge ulivyopewa vinafika siku hiyo.